Simdai Ndiyo, Namdai Jibu

Matangazo ya kazi serikalini huwa na sharti moja ambalo wengi wetu tunalipita bila kulisoma vizuri: mwombaji ataje majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, pamoja na namba zao za simu. Wadhamini. Neno hilohilo tunalitumia mahakamani, pale mtu anaposaini bondi ili ndugu yake akalale nyumbani, akijua kwamba ndugu akitoroka yeye ndiye atakayeulizwa. Tunalitumia kwenye fomu za mkopo wa elimu ya juu, na kwenye VICOBA, ambako mwanakikundi husimama nyuma ya mkopo wa mwenzake. Kote huko mdhamini ni mtu anayeweka kitu chake rehani kwa ajili yako.

Lakini anayesoma barua ya mapendekezo hataki rehani. Kamati ya ufadhili iliyokaa Bonn au Nairobi haitamfuata mwalimu wako imdai fedha ukifeli. Inataka kujua jambo moja ambalo karatasi zako haziwezi kulisema: mtu huyu alikuona ukifanya kazi, je, aliona nini? Anayejibu swali hilo, kwa Kiswahili cha kawaida, ni shahidi.

Nadhani kuchanganya kazi hizi mbili ndiko kunakofanya kuomba barua kuwe kugumu hivi kwetu. Ukidhani unaomba dhamana, basi unaomba hisani, na kunyimwa hisani na mtu mzima uliyemwamkia kwa heshima ni kama kufukuzwa. Ukijua kwamba unaomba ushahidi, mambo hubadilika. Shahidi ana haki ya kusema "hilo sikuliona", na akilisema hajakunyima kitu kilichokuwa chako.

Ninasoma shahada ya uzamili Mazimbu, katika Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mahali hapa pana historia inayolifanya swali la ushahidi lisiwe geni. Kabla ya kuwa kampasi ya SUA, kuanzia 1978 hadi 1992, hapa palikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, iliyojengwa na ANC kwenye ardhi ya shamba la zamani la mkonge ambayo serikali yetu iliwapa. Wengi wa vijana waliosoma hapa walitumia majina ya bandia kwa ajili ya usalama. Hebu fikiria kijana wa namna hiyo. Jina alilokuja nalo limefichwa, jina analoitwa si la kwenye cheti, na vyeti vyenyewe pengine aliviacha Soweto. Ni nini kinachobaki kumthibitisha? Ni watu walioishi naye: aliyemfundisha hesabu, aliyelala naye bweni moja, aliyemwona akichimba msingi wa darasa. Mimi nina jina langu na vyeti vyangu, lakini hali yangu mbele ya kamati ya mbali haitofautiani sana na yake. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Siku kamati inakaa, mimi sitakuwepo. Anayeweza kunisemea ni yule aliyekuwepo nilipokuwepo.

Mwaka jana niliomba ufadhili wa shahada ya uzamivu, na fomu ilitaka barua mbili. Ya kwanza ingetoka kwa msimamizi wangu wa sasa, ambaye ananiona kila wiki. Ya pili nilifikiria kumwomba mwalimu aliyesimamia mradi wangu wa shahada ya kwanza mwaka 2021, ambaye sasa amehamia chuo kingine. Kwa miaka minne tulikuwa tumesalimiana mara chache kwa WhatsApp, hasa sikukuu. Ni mama mwenye umri wa mama yangu, na katika kundi letu hakuna aliyewahi kumwita kwa jina. Tunamwita Mwalimu.

Swali lililonisumbua kabla ya kumwandikia halikuwa la lugha wala la adabu. Lilikuwa hili: nitajuaje kama "ndiyo" yake ni ndiyo?

Ni swali la kweli kwa sababu sisi tuna njia nyingi za kukataa ambazo hazitumii neno hapana. "Nitalifanyia kazi." "Nikumbushe wiki ijayo." "Tuombe uzima." Mkubwa akikujibu hivyo, anaweza kuwa anamaanisha alichosema, au anaweza kuwa anakuambia kwa upole kwamba haitawezekana. Katika maisha ya kawaida upole huo unafaa. Ukiomba kukopa ngazi ya jirani naye akasema "ngoja nimuulize mwenye nyumba", siku tatu zikipita umeelewa, na urafiki umebaki mzima. Muda ndio unaokutafsiria.

Tatizo ni kwamba barua ya mapendekezo ina tarehe ya mwisho. Muda ambao kwa ngazi ya jirani ungekutafsiria, hapa unakumaliza. Siku kumi za kukisia maana ya "nikumbushe" ni siku kumi ambazo mtu mwingine angekuwa ameandika. Mkubwa naye anaumia kwa upande wake. Ahadi ni deni, na akishatamka "sawa mwanangu" mbele ya macho yako yanayomsihi, amejitwisha deni ambalo pengine hakulitaka. Atalilipa usiku wa mwisho, kwa aya mbili zinazosema kwamba wewe ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye ushirikiano. Barua ya namna hiyo anayeisoma huitambua mara moja. Haina tukio, haina mwaka, haina kitu ambacho kisingeweza kusemwa kuhusu mwanafunzi mwingine yeyote. Kamati haisemi mwalimu alibanwa na kazi. Inasema huyu hata mwalimu wake hakupata la kumsemea.

Kwa hiyo njia nyepesi ya kukataa si mapambo ya adabu. Ndiyo inayoipa "ndiyo" thamani yake. Mlango ukiwa umefungwa, mtu aliyebaki ndani hajakwambia kwamba anapenda kukaa.

Lakini kuna milango ya kuchora ukutani. "Kama utapata nafasi, Mwalimu" ni mmoja wao. Unaonekana mlango, lakini kupitia hapo inabidi mtu akiri kwamba hana nafasi kwa ajili yako, na nani anataka kumwambia hivyo kijana aliyemlea? Kwenda ofisini kwake na mkungu wa ndizi kutoka Kinole, ukaukabidhi kwanza kisha ukatoa ombi, ni kuufunga mlango kwa kufuli. Zawadi ni njema, lakini mahali pake ni baada ya kazi, barua iwe imeandikwa au haikuandikwa. Kumtuma mtu mzito akusemee, awe mkuu wa idara au shemeji yake, ni kufuli la pili. Na kufuli baya kuliko yote ni kulijaza jina lake kwenye fomu kabla ya kumuuliza. Mifumo mingi ya maombi hutuma barua pepe yenyewe kwa mtu uliyemtaja, mara tu unapobofya. Anafungua simu asubuhi anakuta chuo asichokijua kinamtaka aandike juu yako kabla ya tarehe fulani, kwa Kiingereza, kupitia linki. Hapo hukumwomba. Umemwarifu.

Mlango wa kweli, kwa ninavyoona, una mambo matatu. Kwanza, unampa sababu ya kukataa ambayo haimgusi yeye wala wewe: miaka imepita, alichokiona si kile kinachoulizwa, ratiba yake ni yake. Pili, kukataa kunakuwa rahisi kwa vitendo, kwa neno moja au hata kwa kunyamaza. Tatu, unamwonyesha kwamba una pa kwenda akikataa, ili asibebe mzigo wa kudhani amekuzamisha.

Jambo la kunyamaza ndilo tulilobishana sana na mwenzangu ninayeishi naye, ambaye kwao ni Mgeta, juu milimani. Nilimsomea rasimu yangu. Alipofika pale nilipoandika tarehe, akashika kichwa.

"Yaani wewe unampangia Mwalimu siku ya kukujibu? Mzee hapangiwi siku, bwana."

"Simpangii yeye," nikamwambia. "Najipangia mimi siku ya kuacha kumngoja."

"Yeye atalisoma tofauti."

Hoja yake ilikuwa na uzito, nami niliandika upya mara mbili kwa sababu yake. Tofauti iko kwenye kitenzi ni cha nani. "Naomba unijibu kabla ya tarehe 4" ni agizo, hata ukilivika naomba. "Nisipokusikia hadi tarehe 4 nitaelewa, na nitamwomba mwingine" ni taarifa kuhusu nitakachofanya mimi. Inaupa ukimya wake maana ambayo tumeshakubaliana kabla, kwa hiyo hahitaji kutunga udhuru na mimi sihitaji kukisia. Desturi yetu ya kukataa kwa kunyamaza inabaki na heshima yake. Kinachoongezeka ni tarehe ambayo ukimya unahesabika kuwa umesema.

Huu ndio ujumbe niliotuma kwa barua pepe tarehe 26 Oktoba, wiki tano kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Niliuandika kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo lugha aliyonifokea na kunipongeza nayo.

"Shikamoo Mwalimu. Natumaini wewe na nyumbani hamjambo. Mimi ndiye uliyenisimamia mwaka 2021 katika mradi wa matope kwenye maji ya Mto Ngerengere, mwenye sehemu tatu za kupimia: juu ya Bwawa la Mindu, chini yake, na hapa Mazimbu. Sasa namalizia shahada ya uzamili.

Naomba ufadhili wa uzamivu, na wanataka barua mbili. Moja ataandika msimamizi wangu wa sasa. Nakuuliza kama ungekuwa na la kutosha kuandika ya pili. Wanauliza mambo matatu: uwezo wa mwombaji kufanya utafiti peke yake, uzoefu wake wa kukokotoa mwenendo wa maji kwa kompyuta, na namna anavyofanya kazi na wenzake. Barua isizidi kurasa mbili, inapandishwa kupitia linki watakayokutumia wao, na mwisho ni tarehe 30 Novemba. Sijalijaza jina lako popote, wala sitalijaza kabla hujasema.

Ni miaka minne sasa, na huenda wanachouliza si kile ulichokiona. Ikiwa hivyo, au ikiwa kipindi hiki hakifai, neno 'hapana' peke yake linatosha, bila maelezo. Nisipokusikia hadi tarehe 4 Novemba nitaelewa hivyo hivyo, na nitamwomba mwalimu mwingine ambaye nimeshamfikiria. Salamu zangu kwako hazitapungua kwa lolote.

Nimeambatisha wasifu wangu, ripoti ya ule mradi, na ukurasa mmoja wa kukukumbusha tuliyofanya."

Ule ukurasa mmoja ndio uliochukua muda mrefu kuliko ujumbe wenyewe, na una swali lake la kimaadili. Mwalimu husimamia wanafunzi wengi kila mwaka, na baada ya miaka minne nyuso huchanganyika. Kumwomba aandike bila kumkumbusha ni kumlazimisha abuni au aandike maneno ya jumla. Kumkumbusha kupita kiasi ni kumwekea maneno mdomoni. Shahidi anayepewa la kusema mahakamani tunamwita jina jingine kabisa.

Mstari niliouchora ni huu: matukio, bila sifa. Sikuandika kwamba mimi ni mwaminifu katika takwimu. Niliandika kwamba tulichukua sampuli kwa wiki 12 wakati wa masika, na kwamba wiki ya saba mto ulifurika, hakukuwa na namna ya kufika sehemu ya kupimia ya chini ya bwawa, nikaacha nafasi tupu kwenye jedwali. Niliandika kwamba yeye mwenyewe aliniuliza mbele ya darasa kwa nini sikukadiria namba ya katikati, na nikamjibu kwamba sikuwepo. Hilo analikumbuka au halikumbuki. Akilikumbuka, sifa ataiweka mwenyewe, kwa uzito anaoona unastahili, na pengine ataona ni ukaidi tu. Niliorodhesha mambo manne ya namna hiyo, yote yakiwa yametokea mbele ya macho yake. Yaliyotokea asipokuwepo, hata yale mazuri, sikuyaweka. Hayo ni ya wasifu wangu.

Hapa ndipo inapokuja ile desturi ambayo kila mwanafunzi wa chuo anaijua: "Andika wewe, nitasaini." Wanaoisema wengi si wavivu. Wana madarasa ya mamia, mitihani ya kusahihisha, na ombi la mwanafunzi limewakuta kwenye korido. Lakini tuseme wazi kinachotokea. Barua hiyo ni wewe unayejisemea ukiwa umevaa koti la mwalimu. Na mara nyingi inajulikana. Anayesoma maombi huwa na maelezo yako ya nia mezani pamoja na barua mbili, na akikuta msemo uleule umerudi mara tatu, au walimu wawili wa vyuo viwili wanaoandika kwa mkono mmoja, hahitaji mpelelezi.

Kuna sababu ya ndani zaidi ya hiyo. Fomu nyingi za vyuo vya Marekani humuuliza mwombaji kama anaacha haki yake ya kuisoma barua aliyoandikiwa, haki inayotokana na sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi. Wengi huiacha, kwa sababu barua ambayo mhusika hataiona huaminiwa zaidi. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni ukatili: wananiandika na mimi nisisome? Sasa naona mantiki yake ni ileile ya mlango wa kukataa. Maneno ya mtu huwa na uzito kadiri alivyokuwa huru kusema mengine. Barua niliyojiandikia haina uzito huo hata kama kila neno ndani yake ni kweli.

Mwalimu wako akikuambia uandike mwenyewe, ule ukurasa wa matukio ndio jibu la heshima: "Nimekuandalia mambo manne tuliyofanya, Mwalimu, na maswali wanayouliza. Maneno nayaacha kwako." Unampunguzia kazi bila kumpunguzia ushahidi. Akisisitiza zaidi ya hapo, nadhani amekujibu tayari, ila kwa njia ya mzunguko.

Jibu langu lilikuja tarehe 2 Novemba, saa nne usiku. Lilikuwa refu kuliko nilivyotarajia, na lilikuwa hapana.

Aliandika kwamba ameisoma ripoti tena na kwamba suala la nafasi tupu analikumbuka vizuri. Kisha akaandika kwamba swali la pili la fomu linahusu kukokotoa kwa kompyuta, na hilo hajawahi kuniona nikilifanya. Kwa swali la kwanza angekuwa na aya moja nzuri, la tatu aya nyingine, na katikati pangekuwa na shimo ambalo msomaji angeliona kabla ya kitu kingine chochote. "Mtafute aliyekufundisha takwimu mwaka wa kwanza wa uzamili," akasema. "Huyo amekuona kwenye hilo. Na siku ukiomba kazi ya uwandani, ya kwenda mtoni, mimi niandikie hata usiku wa mwisho nitaandika."

Iliuma. Sitaki kuipamba. Nilikuwa nimemwandalia mtu mlango nikitumaini moyoni kwamba hataupita. Nadhani ndivyo ilivyo kila mara: aliyeacha mlango wazi bila kutamani mtu abaki, hakuwa anaomba kitu cha maana. Lakini maumivu hayo yalikuja na kitu ambacho "sawa mwanangu" isingenipa. Yalikuja na maelezo ya kweli ya kilichomo na kisichomo katika kumbukumbu ya mtu juu yangu, na yalikuja zikiwa zimebaki siku 28. Mwalimu wa takwimu nilimwandikia kesho yake, kwa mpangilio uleule, na alikubali kwa mistari miwili. Yeye nilimweleza tarehe ya mwisho kwa uangalifu zaidi, kwa sababu fomu ilikuwa ya Ulaya na iliandika 23:59. Mwezi Novemba hiyo ni saa 7:59 usiku kwetu, siku inayofuata, na hesabu ya namna hiyo haifai kumwachia mtu anayekusaidia. Nikamwandikia tu kwamba ningeshukuru ikiwa imeingia tarehe 27, na kwamba ujumbe wenye linki asipouona akaangalie kwenye folda ya barua taka.

Inabaki hoja moja ambayo mwenzangu wa Mgeta aliitoa tukiwa tunasubiri daladala la kwenda mjini, na sijaweza kuimaliza. "Wewe ulikuwa na wa pili wa kumwomba," alisema. "Mimi nina mmoja tu. Nikimfungulia mlango akatoka, ninabaki na nani?"

Ni kweli. Njia nyepesi ya kukataa ni rahisi kuitoa kwa aliye na mashahidi wengi. Kwa aliyesoma chuo kikubwa, darasa la watu mia nne, ambaye mwalimu mmoja tu ndiye anayemjua kwa jina, kumwambia huyo mmoja "hapana inatosha" ni kuweka kila kitu mezani. Siwezi kumwambia mwenzangu kwamba hatari hiyo ni ndogo. Ninaloweza kusema ni kwamba kuufunga mlango hakumwongezei shahidi. Aliye na mmoja, akimbana huyo mmoja, ana barua moja isiyo na kitu ndani. Na kwamba uhaba huo haukuanzia siku ya kuomba barua. Ulianzia kwenye darasa la watu mia nne, na lawama yake haiwezi kuwa ya mwanafunzi peke yake.

Hapo ndipo naona upande wa pili wa mlango, upande wa mwalimu. Tumezoea kuuliza mwanafunzi aombeje. Tunasahau kuuliza aliyeombwa anadaiwa nini. Sidhani anadaiwa ndiyo. Kusimamia mradi wangu wa wiki 12 hakukumfunga mtu kunisemea maisha yake yote, na anayesema ndiyo kwa kila mwanafunzi, ndiyo yake haimsaidii yeyote. Lakini nadhani anadaiwa jibu. Mtu aliyekubali kuwa msimamizi alikubali kuwa jicho la pili juu ya kazi ya mwingine, na jicho hilo likiulizwa kwa utaratibu, mapema, na kwa njia inayolipa uhuru, kusema "niliona" au "sikuona" ni sehemu ya kazi yenyewe. Mwanafunzi akishampunguzia gharama ya hapana hadi neno moja, udhuru wa "nitalifanyia kazi" unapungua pia.

Yule mama alinilipa deni hilo kikamilifu. Aliacha nafasi tupu pale ambapo hakuwepo, na hakukadiria namba ya katikati. Barua yake ya uwandani bado sijaiomba. Mwezi wa tatu masika yakianza kuna mradi wa kupima maji unaotafuta wasaidizi, na tangazo lake linataka wadhamini wawili. Nitamwandikia mapema, nikiwa na ukurasa mmoja, na mlango.